Kabla Breki Hazijafeli

Barabara inayoshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo ina lami nzuri, lakini ni nyembamba, na kona zake hazimpi dereva nafasi ya kupumzisha mguu. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni bonde. Gari likifika chini kwenye tambarare, huenda abiria akanusa harufu kali na kudhani kuna mtu anachoma takataka kando ya barabara. Ni breki. Dereva akifika salama husema zilipata moto kidogo. Asipofika, tutaambiwa zilifeli ghafla.

Katika gari dogo lenye breki za mafuta, kufeli kwa ghafla kabisa ni jambo la nadra. Mara nyingi gari huwa limeshatoa habari kwa majuma au hata miezi, kwa njia tatu: pedi zinakwisha, mafuta ya breki yanashuka, na pedali inaanza kubonyea. Wenye magari huzichukua kama hitilafu tatu tofauti, kila moja ikisubiri siku yake na fedha yake. Lakini hitilafu hizi zinajuana. Moja huizaa nyingine, na matengenezo mabaya ya moja huificha nyingine. (Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo, ambazo zina mambo yake; hapa tunazungumzia gari dogo.)

Tuchukue gari moja la mfano. Ni saluni ya kawaida iliyoagizwa ikiwa imetumika, ya gia otomatiki, yenye diski kwenye magurudumu ya mbele na dramu kwenye ya nyuma. Mwenyewe anaishi Tanga mjini, hulitumia kwenda kazini, na sikukuu zikifika huwapakia watoto na kupanda Lushoto kwa wazazi.

Siku moja akikata kona kwa kasi kidogo, taa nyekundu kwenye dashibodi inawaka kisha inazima. Ni ile yenye alama ya mshangao ndani ya duara, ambayo huwaka pia handibreki ikiwa imevutwa. Naye anafanya wanavyofanya wengi: anadhani handibreki haikushuka vizuri, anaibonyeza chini, taa imeshazima, anaendelea na safari. Kesho yake inawaka tena, safari hii akiwa kwenye mteremko.

Taa ile ina kazi mbili. Pamoja na kumkumbusha dereva handibreki, imeunganishwa na boya dogo lililomo ndani ya kikopo cha mafuta ya breki, chini ya boneti, karibu na kioo cha mbele upande wa dereva. Mafuta yakishuka, boya hushuka nayo, na taa huwaka. Yakiwa yako mpakani tu, kona moja au mteremko mmoja unatosha kuyasogeza upande na kuliangusha boya kwa sekunde mbili, kisha yanarudi na taa inazima. Kwa hiyo taa inayowaka na kuzima kwenye kona haina wazimu. Inasema mafuta yamefika chini.

Yamekwenda wapi? Swali hili lina majibu mawili tu, na tofauti yake ni kubwa.

Jibu la kwanza ni kwamba hayajatoka nje. Ukikanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta kupitia mabomba hadi kwenye kalipa, na pistoni ya kalipa inaibana pedi dhidi ya diski. Pedi mpya ya gari la namna hii huwa na unene wa milimita 10 hivi za ile sehemu inayosugua, bila kuhesabu bati la nyuma. Kila inavyolika, pistoni husogea mbele kidogo zaidi na kubaki hapo, na nafasi inayoachwa nyuma yake hujazwa na mafuta kutoka kwenye kikopo. Pedi zikifika mwisho, sehemu nzuri ya mafuta inakuwa imehamia kwenye kalipa. Hakuna tone lililomwagika. Kikopo kimeshuka taratibu, kwa miezi mingi, kwa sababu pedi zimekwisha.

Jibu la pili ni uvujaji. Mafuta yanapita kwenye mpira uliochoka wa silinda ya gurudumu, au hosi iliyopasuka, au bomba lililoliwa na kutu, jambo la kawaida kwa magari ya pwani. Hapa kikopo hushuka kwa siku, si kwa miezi. Utakuta unyevu wenye utelezi upande wa ndani wa tairi, au chini ya gari, au ukishusha mkono unapapasa nyuma ya pedali ndani ya gari na vidole vikarudi vimelowa. Mafuta ya breki mapya ni ya rangi ya manjano hafifu, karibu hayana rangi. Yaliyozeeka huwa ya kahawia. Ukiyaona nje ya mfumo, gari halitembei tena hadi fundi aone yanapotokea. Hata kwenda gereji, liende kwa kuvutwa.

Mwenye gari letu hakuuliza swali hilo. Alipita dukani akanunua chupa ndogo ya mafuta ya breki, akaongeza hadi alama ya juu, na taa ikazima kabisa. Aliona amemaliza kazi. Ukweli ni kwamba alimnyamazisha mjumbe. Mimi huwa na wasiwasi na dereva anayetembea na chupa ya mafuta ya breki kwenye buti na kuongeza kidogo kidogo kama anavyoongeza maji ya kioo. Mfumo wa breki umefungwa, hautumii mafuta yake kama injini inavyotumia petroli. Yakipungua, ama pedi zimelika ama kuna mahali panavuja, na kuongeza hakuponyi lolote kati ya hayo mawili. Tena siku pedi mpya zitakapofungwa, fundi atazirudisha pistoni nyuma, mafuta ya ziada yatapanda kwenye kikopo na kumwagika, na yakianguka kwenye rangi ya gari yataibabua.

Baada ya muda ikaja sauti: mlio mwembamba, mkali, akikanyaga breki polepole kuingia maegesho. Pedi nyingi za mbele zina kipande kidogo cha chuma kilichopindwa makusudi ili kiguse diski pale unene unapobaki kama milimita 2 au 3. Kile chuma hakizuii gari. Kazi yake ni kupiga kelele. Si kila mlio unatoka kwake, kwa maana vumbi, mchanga au unyevu wa asubuhi huleta mlio wa muda unaokwisha baada ya kukanyaga mara kadhaa. Mlio unaorudi kila siku, hali ya hewa iwe vyovyote, ndio wa kuufuata.

Alimpelekea fundi wa mtaani. Fundi akafungua gurudumu la mbele kushoto, akatazama pedi ya nje, akasema bado ipo. Akachukua msasa, akazipiga uso, kile kichuma akakikunja pembeni, akafunga. Mlio ukaisha, na mteja akalipa kwa furaha.

Fundi hakudanganya kuhusu pedi ya nje. Ilikuwa na milimita 5 hivi. Tatizo ni pedi ya ndani, ile inayokaa upande wa pistoni na isiyoonekana ukichungulia kupitia matundu ya rimu. Katika kalipa za kawaida, pistoni iko upande mmoja tu. Inasukuma pedi ya ndani, na kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili ili iivute pedi ya nje nayo ibane. Pini hizo zikikauka grisi au zikashika kutu, kalipa haitelezi tena. Pedi ya ndani inafanya kazi karibu peke yake na kulika haraka, huku ile ya nje ikibaki nene na kumpa kila anayechungulia jibu zuri. Ndiyo maana pedi hukaguliwa zote nne za mbele, gurudumu likiwa limetolewa, na fundi anayejua kazi atazivuta zile pini, azisafishe na kuzipaka grisi yake maalumu ya breki. Pedi moja ikibaki na milimita 3, seti nzima ya mbele inabadilishwa, kulia na kushoto pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, gari litavuta upande huo unapokanyaga.

Sasa gari hili lina pedi nyembamba, kikopo kilichojazwa hadi juu, na kimya. Sikukuu imefika na familia inapanda Lushoto. Kupanda hakuna shida. Shida ni kurudi.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,500 pamoja na abiria wake, likisimama kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzalisha joto linalotosha kuchemsha lita moja na ushee ya maji ya bomba. Hilo diski zinalimudu, kwani upepo huzipoza kabla hujasimama tena. Lakini kulishusha gari hilohilo kwenye mlima kwa kimo cha mita 500 tu, kwa mwendo usiobadilika, ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 mara 20 mfululizo. Ni joto la kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi. Linalobaki, dereva aliyeacha gia kwenye D na kuweka mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho analibebesha pedi na diski karibu lote. Na kutoka Lushoto hadi Mombo kimo kinachoshuka ni cha karibu mita 1,000.

Diski zikafika mamia ya nyuzi. Hapa ndipo pedi nyembamba inapofanya madhara ambayo wengi hawayafikirii. Ile sehemu inayosugua ndiyo pia kizuizi cha joto kati ya diski na pistoni. Ikiwa nene, joto huchelewa kupita. Ikibaki milimita 2, joto hupita hadi kwenye bati la nyuma, kutoka hapo hadi kwenye pistoni, na nyuma ya pistoni kuna mafuta.

Mafuta ya breki ya kawaida, DOT 3, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za sentigredi. DOT 4 huanzia nyuzi 230. Hivi ndivyo viwango vya chini vinavyotakiwa, na vinatosha. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Unyevu huingia kidogo kidogo kupitia kuta za hosi za mpira na kupitia kifuniko cha kikopo, hata gari likiwa limeegeshwa. Yakishafikisha maji ya karibu asilimia 4, DOT 3 huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu, na DOT 4 kwenye nyuzi 155. Kwa hiyo mafuta ya miaka mitano katika mji wa pwani kama Tanga, Mombasa au Dar es Salaam yanaweza kuonekana yamejaa vizuri kwenye kikopo na bado yasifae kwa mlima. Watengenezaji wengi wa magari hutaka yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili hivi, liwe limetembea au halikutembea. Ni miongoni mwa huduma za bei nafuu, na sijui ni kwa nini tunamwaga oili ya injini kwa uaminifu namna ile lakini mafuta ya breki tunayaacha mpaka yawe meusi.

Mafuta yakichemka hutoa mapovu ya mvuke ndani ya kalipa. Mafuta hayabanwi, na ndiyo maana mguu wako unafika kwenye magurudumu. Mvuke unabanwa. Kumbuka pia kwamba mafuta yanayosukumwa kwa kukanyaga mara moja ni machache mno: masta silinda yenye upana wa milimita 20, pistoni yake ikisogea milimita 30, inasukuma mafuta kiasi cha vijiko viwili vya chai kwa magurudumu yote manne. Nafasi ya mapovu ya ujazo huo inaweza kumeza mkanyago mzima.

Mwenye gari letu alihisi hivi: kona za juu breki ilishika vizuri. Katikati ya mlima ikaanza kushika chini zaidi, na pedali ikawa laini, inabonyea bila ukomo wa wazi. Kona mbili baadaye ilikuwa karibu inafika sakafuni. Kwa bahati alikumbuka kushusha gia hadi L, injini ikaanza kulizuia gari, akapata sehemu pana akasimama kwa kusaidiwa na handibreki. Walikaa pale karibu saa nzima. Alipokanyaga tena, breki ilikuwa imerudi, ngumu, inashika juu.

Kurudi huko ndiko kunakohadaa. Mfumo ukipoa, mvuke hugeuka kuwa mafuta tena na pedali inakuwa nzuri. Kesho fundi ataijaribu mbele ya gereji, ataikuta safi, na atamwambia mteja kwamba alikanyaga sana tu. Pedali iliyobonyea mlimani ikarudi baada ya kupoa inadai mambo mawili bila mjadala: mafuta yote yabadilishwe, na pedi zikaguliwe za ndani na za nje.

Kuna pedali nyingine zinazofanana na hii lakini sababu zake ni tofauti. Inayobonyea tangu asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ina hewa kwenye mabomba, mara nyingi kwa sababu kikopo kiliwahi kukauka au kazi ilifanyika bila kutoa upepo vizuri. Inayosimama vizuri kisha ikazama taratibu ukiishikilia ina mpira uliokufa ndani ya masta silinda, au kuna uvujaji. Kuipima ni rahisi. Zima injini, kanyaga mara tano hivi mpaka iwe ngumu, kisha ishikilie kwa nguvu ya wastani kwa nusu dakika. Ikibaki ilipo, nzuri. Ikizidi kwenda chini, usiondoke. Halafu washa injini mguu ukiwa bado juu yake: itashuka kidogo mara moja na kusimama. Hiyo ni kawaida, ni kisaidizi cha breki kimeamka, usimpelekee fundi malalamiko hayo.

Kutoa upepo si kazi ya kubahatisha. Msaidizi anakanyaga pedali na kuishikilia, fundi anafungua nipo kwenye gurudumu huku mpira mwembamba ukiwa umetumbukia kwenye chupa yenye mafuta, mapovu yanatoka, nipo inafungwa, ndipo msaidizi anaachia. Akiachia kabla haijafungwa, hewa inanyonywa ndani na kazi inaanza upya. Kikopo nacho kisiachwe kikauke hata mara moja. Kwa magari mengi huanzwa na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ila kitabu cha gari kikisema vingine kifuatwe. Mafuta yatoke kwenye chupa mpya iliyofunguliwa mbele yako, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo. Nusu chupa iliyokaa rafuni tangu mwaka jana imeshanyonya unyevu wake. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine ingawa namba yake inashawishi. Na oili ya injini au ya usukani ikiingia humo, hata kidogo, mipira yote huvimba na kuharibika. Hapo gharama ni masta silinda, kalipa na hosi kwa pamoja.

Mwenye gari wa mfano wetu alibadilishiwa pedi za mbele na mafuta yote. Pedi ya ndani kushoto ilikuwa imebaki bati tupu sehemu moja, na diski yake ilikuwa na michirizi inayoshika kucha. Diski hiyo na mwenzake zilipimwa, zikakutwa chini ya unene wa mwisho uliochongwa kwenye chuma chenyewe, zikatupwa. Alilipa mara kadhaa ya bei ambayo angelipa kama pedi zingebadilishwa mlio ulipoanza.

Mlimani, namna ya kukanyaga ina uzito kuliko ubora wa pedi. Shusha gia kabla ya kuanza kuteremka, L au 2 kwa otomatiki, na kwa gia za mkono tumia ileile ambayo ungepandia. Gari likizidi mwendo, kanyaga kwa nguvu hadi lipungue, kisha ondoa mguu kabisa diski zipumue. Mguu uliolala juu ya pedali kwa dakika kumi ndio unaopika mafuta. Kutoa gia na kuachia gari lishuke lenyewe ili kuokoa petroli, mchezo ulioipa barabara ya Salgaa huko Kenya sifa mbaya, kunaziachia breki mzigo wote. Na pedali ikienda chini ukiwa njiani, kanyaga harakaharaka mara nyingi, shusha gia moja moja, usizime injini, na vuta handibreki taratibu huku kitufe chake umekibonyeza ili uweze kuiachia magurudumu yakitaka kuteleza. Katika gari kama hili handibreki hutumia waya hadi magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mafuta yakichemka yenyewe haiguswi.

Siku utakapochukua gari gereji baada ya kufungiwa pedi mpya, kabla ya kutia gia, kanyaga breki likiwa limesimama. Pistoni zilirudishwa nyuma wakati wa kazi, na mkanyago wa kwanza mara nyingi hufika sakafuni bila kushika chochote. Kanyaga mpaka pedali ipande na kuwa ngumu, tazama kikopo kama kiko kwenye alama, ndipo urudi nyuma kutoka pale ulipoegesha.